Jina la Darasa la Kuogelea

Barua pepe ya kwanza ilianza hivi: "Mheshimiwa, mimi ni mama niliyefiwa na mtoto wangu wa pekee."

Mdogo wake aliisoma sentensi hiyo, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, kisha akaivaa tena.

"Dada, hii hatuitumi."

"Ina kosa gani?"

"Haina kosa. Mimi mwenyewe imeniliza. Lakini mwenye duka la mikate hatatoa udhamini kwa sababu mimi nimelia."

Walikuwa katika kituo kidogo cha redio ambako mdogo mtu aliuza matangazo. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Wenzake walikuwa wametoka, na kompyuta zao zilivuma zenyewe. Ukutani palikuwa na ramani ya mji yenye pini nyekundu kwa kila duka lililowahi kununua tangazo. Duka la mikate lililo karibu na bwawa la kuogelea halikuwa na pini.

"Kutoa ni moyo," alisema dada mtu.

"Kutoa ni moyo, dada. Biashara ni tumbo. Mtu wa mikate unamwandikia tumboni."

Dada mtu alicheka kidogo, kisha akanyamaza ghafla, kama aliyeingia chumba kisicho chake. Tangu msiba, kicheko kilikuwa kikimtoka hivyo.

Alikuwa mkata tiketi katika bwawa la manispaa. Kibanda chake kilikuwa na dirisha moja, kiti kimoja na kigoda. Kigoda kilikuwa cha binti yake. Kila siku baada ya shule binti alikuja, akakaa pale na kuzungumza mpaka lango lilipofungwa. Aliwatajia wateja bei kabla mama yake hajafungua kinywa. Aliwauliza wanaume wazima kama wamekoga kabla ya kuja. Aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo huo, na jina lile likalimeza jina la cheti. Mama yake naye akawa Mama Chiriku. Mwalimu wa kuogelea alimwita hivyo. Wauza maji walimwita hivyo. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alimwita hivyo hata kwenye simu, hata alipokuwa amekasirika.

Chiriku alikuwa na miaka minane alipozama. Hakuzama bwawani. Alizama katika shimo la wafyatua matofali nyuma ya mtaa wao, lililokuwa limejaa maji ya mvua. Kandambili ya rafiki yake ilielea, naye akaifuata. Mama yake alikuwa amewakatia watu tiketi za kuogelea kwa miaka mingi, na mtoto wake hakujua kuogelea. Bwawa halikuwa na darasa la watoto. Chiriku alikuwa ameomba afundishwe. Mama yake alikuwa amesema, "Tutaona."

Baada ya maziko watu waliacha kumwita Mama Chiriku. Walifanya hivyo kwa wema. Mwalimu wa kuogelea, ambaye kila mtu alimwita Kapteni, alianza kumwita dada. Majirani walianza kumwita mama, bila kitu mbele yake. Mumewe alimwita wewe, au alianza tu kusema bila kumwita. Jina lilikuwa limeondolewa katika kila kinywa kama kiti kinavyoondolewa njiani ili mgonjwa asijikwae. Yeye alikuwa akijikwaa kwa sababu kiti hakipo.

Ndipo alipopata wazo la darasa. Kila Jumamosi asubuhi, watoto wa mitaa ya mashimo wangefundishwa kuogelea bure. Kapteni alikubali kufundisha kwa posho ndogo. Meneja wa bwawa alikubali kutenga upande wenye kina kifupi, mradi upatikane mtu wa kulipia nafasi, waokoaji na vifaa. Darasa lingeitwa Darasa la Chiriku. Watoto wangesema, "Naenda Chiriku." Wazazi wangeuliza, "Chiriku inaanza saa ngapi?" Hilo ndilo alilolitaka. Alitaka watoto wasizame, na alitaka jina lirudi vinywani. Hakuona kwamba hayo yalikuwa mambo mawili.

"Sikiliza," alisema mdogo mtu, vidole vikiwa tayari juu ya kibodi. "Huyu bwana anapokea barua za maombi kila wiki. Zote zinasema sisi, sisi, sisi. Tuna shida, tunaomba, Mungu akubariki. Sisi tutaanza na yeye. Ana shida gani?"

"Nitajuaje shida yake?"

"Wewe unakaa dirishani kutwa. Unaona nini?"

Dada mtu alifikiri. Kisha akasema taratibu, "Watu wakitoka bwawani wanageuka kulia."

"Kulia kuna nini?"

"Kuna duka jipya la mikate, pale kwenye kituo cha basi. La kwake liko kushoto, karibu zaidi, lakini halionekani kwa sababu ya ukuta. Watoto wakitoka majini wana njaa ya ajabu. Wanavuta mama zao kulia. Kila siku nawaona."

Mdogo mtu aliacha kuandika akamtazama. "Dada, umepotea kwenye tiketi. Ungekuwa huku ungenifukuzisha kazi."

Waliandika pamoja. Sentensi ya mama aliyefiwa ilifutwa kwanza. Methali ya uchungu wa mwana ikafuata. Shimo lilifutwa. Kandambili ilifutwa. Kwa kila kilichofutwa, mdogo mtu aliuliza, "Hiki je?" na dada mtu aliitikia kwa kichwa. Mwishoni walibakiwa na hii:

"Kichwa cha habari: Familia zinazotoka bwawani na kugeuka kulia.

Ndugu Mkurugenzi,

Kila Jumamosi asubuhi familia nyingi hutoka katika bwawa la manispaa zikiwa na watoto wenye njaa. Nyingi hugeuka kulia. Duka lako liko kushoto, hatua chache tu, lakini ukuta unalificha.

Tunaanzisha darasa la kuogelea la watoto, litakalofanyika kila Jumamosi. Tunakupa nafasi ya kuwa mdhamini wake wa kwanza upande wa chakula. Watoto watavaa kofia zenye nembo yako, bango lako litakaa juu ya lango, na kila mtoto atatoka na mkate wako mkononi. Mzazi akishajua njia ya kushoto Jumamosi, ataijua na Jumatatu.

Kila mwisho wa muhula tutakuletea idadi ya watoto waliohudhuria, picha zilizopigwa kwa idhini ya wazazi, na hesabu ya kuponi zilizorudi dukani kwako, ili ujue umepata nini.

Viwango vitatu vya udhamini vimeambatishwa. Naomba dakika ishirini za kukutana nawe wiki ijayo. Nitapiga simu Jumatano kuulizia siku inayokufaa."

"Na viwango," alisema mdogo mtu. Aliviandika haraka, kama anayekata kitambaa alichokizoea. Kiwango cha kwanza kilikuwa mikate tu. Kiwango cha pili kilikuwa mikate, kofia na bango, na kingelipia watoto kumi na watano kwa muhula mmoja. Kiwango cha tatu kingelipia watoto arobaini kwa mwaka mzima, pamoja na waokoaji wawili, na darasa lenyewe lingeitwa kwa jina la biashara ya mdhamini.

Dada mtu aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Hiki cha tatu hapana."

"Hiki hakuna anayekinunua."

"Sasa kimewekwa cha nini?"

"Kimewekwa ili cha pili kionekane nafuu. Mtu akiona viwili, anachukua cha chini. Akiona vitatu, anachukua cha katikati, anajiona mwerevu. Ndivyo tunavyouza, dada. Tangu nianze kazi hii sijamwona mtu wa mji huu akichukua cha juu. Hapa watu wanaomba punguzo hata kwa wimbo wa taifa."

"Na akikichukua?"

"Hatakichukua."

Dada mtu alisoma tena. Aliona kwamba bila mstari ule wa jina, kiwango cha tatu kilikuwa kitupu, kikubwa bila sababu. Aliondoa kidole. Barua ilitumwa kutoka katika anwani yake mwenyewe. Mahali pa saini, mkono wake ulianza kuandika alivyozoea, ukasita. Mdogo mtu akasema polepole, "Andika mratibu wa darasa." Akaandika mratibu wa darasa.

Jumatano alipiga simu kama alivyoahidi. Sauti nzito ilimjibu kabla hajamaliza kujitambulisha. "Wewe ndiye wa kulia na kushoto? Njoo kesho."

Ofisi ya mwenye mikate ilikuwa nyuma ya tanuri. Joto lilipenya ukuta na unga ulikuwa umetanda hata juu ya kalenda. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na mikono iliyoungua mahali pengi, alama za kazi ya zamani. Alimkaribisha kiti, akaagiza aletewe maji, akachapisha barua yake na kuiweka mezani kana kwamba ni yeye anayeiuza.

"Mama, nikuambie kitu," alisema. "Naletewa barua za machozi mpaka droo haifungi. Huyu kafiwa, yule kaunguliwa, mwingine kwaya yake haina sare. Nasoma, nasikitika, nafunga droo. Nikimpa mmoja nimewanyima wote, si ndiyo? Yako haina hata chozi. Umeniambia watu wangu wanapotea njia. Mke wangu ananiambia nimezeeka. Mwanangu ananiambia soko limebadilika. Kumbe ni ukuta!"

"Ni ukuta, mzee."

"Ukuta!" Aliigonga meza, unga ukaruka. "Nachukua cha tatu."

Dada mtu alidhani hakusikia vizuri. "Cha pili ndicho kinachochukuliwa na wengi, mzee. Kinatosha kuanzia."

"Kinawatosha wengi. Yule wa kituo cha basi akisikia nimechukua cha pili, kesho atakuja kwako kuchukua cha tatu. Au nimekosea?"

Hakuwa amekosea.

"Darasa la Mikate ya Tanuri Letu," alisema mwenye mikate, akilisikiliza jina hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Linatamkika. Jina moja tu kila mahali, mama. Kwenye kofia, kwenye bango, kwenye daftari la mahudhurio. Majina mawili yanamchanganya mteja." Kisha akamtazama. "Mbona kimya? Kwani lilikuwa na jina jingine?"

Swali lilikuwa wazi, na lilikuwa limeulizwa kwa wema. Angeweza kulijibu. Mtu huyu hakuwa mbaya. Angeinamisha kichwa, angesema pole sana, pengine angechukua cha pili kwa huruma na kuliacha jina. Watoto kumi na watano, muhula mmoja. Aliwaza mtaa wao. Aliwaza mashimo, ambayo hakuna aliyeyafukia, na mawingu ambayo yangerudi kama yanavyorudi kila mwaka. Alijiwaza akiwa dirishani na orodha mkononi, akimwambia mtoto wa kumi na sita, "Tutaona."

"Hapana, mzee," alisema. "Halikuwa na jina."

Maji aliyoletewa hakuyanywa. Walipeana mikono, na kiganja chake kikatoka na unga.

Mdogo mtu alipopata habari alikuja kibandani mbio, akiwa bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Alisimama nje ya dirisha kama mteja.

"Nitampigia. Nitamwambia ni kosa langu. Nitamwambia kiwango kile kiliingia kwa bahati mbaya."

"Halafu?"

"Halafu anachukua cha pili."

"Halafu watoto ishirini na watano wanarudi shimoni." Dada mtu alikuwa akipanga tiketi ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa. "Mdogo wangu, uliandika vizuri. Tatizo ni hilo tu."

Mdogo mtu aliingia ndani akatafuta pa kukaa. Palikuwa na kigoda peke yake. Alikitazama, akabaki amesimama.

Kapteni ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa amekwisha waambia waokoaji jina la darasa, na sasa bango jipya lilikuja, pana, la rangi ya njano. "Dada, niache nimwambie huyu mzee," alisema. "Nitamwambia kistaarabu."

"Ukimwambia, nitasema unaota."

"Sasa mtoto ataenda wapi?"

Aliuliza hivyo bila kufikiri, kisha akajishika mdomo. Bango likapandishwa.

Jumamosi ya kwanza watoto walikuja kabla ya lango kufunguliwa. Walikuja na mama zao, na bibi zao, na dada zao wakubwa waliobeba wadogo mgongoni. Walivaa kofia za njano zilizoandikwa Tanuri Letu juu ya paji la uso. Kapteni aliwapanga ukingoni, akawafundisha kwanza kupuliza mapovu. Kelele zao zilijaa bwawa zima. Mwenye mikate alikuja mwenyewe, akasimama chini ya bango, akapigwa picha, akawahesabu wazazi kwa macho. Alipopita dirishani alisema, "Mama, mwaka huu hunidai kitu, mimi ndiye ninayekudai shukrani!" Akacheka, akarudi kwenye tanuri lake. Mkata tiketi alimpungia mkono. Alitimiza kila kitu kilichoahidiwa katika barua. Aliandika waliohudhuria. Aliwaomba wazazi idhini ya picha. Aligawa kuponi. Darasa lilipokwisha alisimama langoni na kreti za mikate midogo, akampa kila mtoto mmoja, na akawaona wakitoka na kugeuka kushoto.

Msichana mmoja hakuondoka. Alikuwa na pengo mbele, na maji yalikuwa yakimchuruzika masikioni. Bibi yake alikuwa bado akizungumza na Kapteni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ni mama nani?"

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Kila mtoto humuuliza hivyo mtu mzima asiyemjua, ili ajue amwite nani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu msiba. Wakubwa wote walikuwa wanajua jibu.

"Mama Chiriku," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, kama iliyokuwa imewekwa mahali pakavu kwa muda mrefu.

"Chiriku!" Msichana alicheka mpaka pengo likaonekana lote. "Anaongea sana?"

"Sana."

"Kama mimi. Bibi anasema mimi ni redio ya mbao. Chiriku yuko kundi gani? Sijamwona."

Mkata tiketi alifungua kinywa. Alikuwa na majibu mengi ya watu wazima, yote aliyowahi kupewa. Hakuna hata moja lililomfaa mtoto mwenye maji masikioni.

"Hakuja leo," alisema.

"Anaumwa?"

"Hapana. Haumwi."

"Anaogopa maji?"

"Hakuogopa."

Msichana alikunja uso, akifikiri. Kisha akaingiza mkono katika kreti bila kuomba, akachukua mkate mmoja, akaupangusa ingawa ulikuwa safi, akaunyoosha juu.

"Huu wa Chiriku. Mpelekee. Usiule njiani, Mama Chiriku!"

Bibi aliita. Msichana akakimbia, kandambili zikipiga sakafu yenye maji, na alipofika langoni aligeuka akapiga kelele tena, kwa nguvu zote za mtoto aliyejifunza kupuliza mapovu: "Mama Chiriku, mwambie Jumamosi aje! Nitamshikia nafasi!"

Kapteni alisikia. Waokoaji walisikia. Wote waliinamisha macho kwa wakati mmoja, na mmoja akaanza kukunja kamba ambayo ilikuwa imekunjwa.

Mkata tiketi alirudi kibandani. Alifunga dirisha. Mkate ulikuwa bado na uvuguvugu ndani ya karatasi yake ya njano. Aliuweka juu ya kigoda, katikati, akakaa kwenye kiti chake karibu yake. Nje, kundi la mwisho lilikuwa linatoka na kugeuka kushoto. Mtu alibisha dirishani kuulizia tiketi, akabisha tena, kisha akaondoka.